Kwa nini kifurushi chako kinakataliwa: marashi, pawa benki na unga kutoka Kariakoo

Muuzaji wa nyumbani jijini Dar es Salaam siku hizi anaweza kufanya biashara bila duka. Ana simu, ana picha za bidhaa, na ana mteja Sumbawanga au Tarime ambaye ameshatuma pesa. Bidhaa anaifuata Kariakoo, anaifunga nyumbani Gerezani, Ilala au Buguruni, kisha anaipeleka kwa kampuni ya vifurushi au kwa wakala wa basi. Hapo mezani ndipo safari inapoweza kuishia. Karani anafungua boksi, anakuta chupa, betri au mfuko wa unga, anarudisha mzigo na kusema, "Hii hatupokei."

Wewe uliyeko kijijini jambo hili linakugusa kwa njia mbili. Kama ni mnunuzi, pesa yako imeshaondoka na mzigo hauji. Kama nawe ni muuzaji, unayetuma asali, mafuta au unga wa lishe kwenda mjini, utakutana na meza ileile. Na pande zote mbili kuna kishawishi kimoja: kurudi siku ya pili, au kwenda kwa wakala mwingine, na kuandika kwenye hati ya mzigo kwamba ndani kuna "nguo".

Katika makala hii tunaeleza kwa nini vimiminika, betri na unga hukataliwa, na jinsi muuzaji asiye na ofisi wala mtaalamu anavyoweza kujua mapema kipi kitapita na kipi hakitapita.

Sababu tatu zinazofichwa na neno "hapana"

Karani akikataa mzigo, mara nyingi hatoi maelezo. Lakini nyuma ya neno hilo moja huwa kuna sababu tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Sababu ya kwanza ni hatari ya kweli. Kuna vitu vinavyoweza kushika moto, kulipuka, kuunguza ngozi au kuchochea moto wa kitu kingine. Vitu hivyo vina jina rasmi, "bidhaa hatari", na duniani kote vimepangwa katika makundi tisa chini ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa. Kila kimoja kina namba inayoanza na herufi UN. Marashi yenye spiriti ni UN 1266. Betri ya lithiamu inayochajiwa, ikiwa inasafiri peke yake, ni UN 3480. Namba hizo ni zilezile Dar es Salaam, Dubai na Guangzhou.

Sababu ya pili ni kuvuja. Mafuta ya nazi hayalipuki, na asali haiungui kama petroli. Lakini chupa moja ikivuja ndani ya gunia la vifurushi, inaharibu vitenge vya mtu, vitabu vya shule na hati za mwingine. Kampuni italipa au italaumiwa. Hivyo wengine huona rahisi kukataa vimiminika vyote.

Sababu ya tatu ni kutojulikana. Unga mweupe kwenye mfuko usio na maandishi unaweza kuwa unga wa muhogo, poda ya klorini au dawa za kulevya. Karani hana maabara. Akiupokea na ukaja kukamatwa njiani, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la muuzaji lisiwe "Mnapokea vimiminika?" Swali hilo ni pana mno, na jibu lake rahisi ni hapana. La kuuliza ni hili: "Mnakataa kwa sababu ni hatari, kwa sababu kitavuja, au kwa sababu hamjui ni nini?" Ikiwa sababu ni kuvuja, dawa yake ni kufunga vizuri. Ikiwa ni kutojulikana, dawa ni lebo na karatasi. Hatari ya kweli haiondolewi na ufungaji mzuri peke yake; mara nyingi dawa yake ni kubadili njia ya usafiri.

Ndege au barabara: swali linalosahaulika

Wauzaji wengi hudhani mzigo wa ndani ya nchi huenda kwa gari tu. Si lazima iwe hivyo. Kifurushi cha Mwanza, Bukoba au Kigoma kinachoahidiwa kufika kesho yake kinaweza kupandishwa ndege bila mtumaji kuambiwa. Na kikishaingia kwenye ndege, kinakuwa chini ya kanuni nyingine kabisa.

Usalama wa anga nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kanuni za bidhaa hatari zinafuata maelekezo ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Mashirika ya ndege hutumia kitabu cha kanuni kinachotolewa na umoja wao, IATA, ambacho hutoka upya kila mwaka. Ndiyo maana kitu kilichopita mwaka juzi kinaweza kukataliwa mwaka huu.

Kwa barabara, kampuni za vifurushi na Posta ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mabasi yanayofanya biashara ya vifurushi nayo yanatakiwa kuwa na leseni ya TCRA. Barabarani kuna nafasi zaidi kwa chupa chache za marashi au pawa benki moja, kwa sababu dereva anaweza kusimama na abiria wakashuka. Lakini petroli, mitungi ya gesi, asidi na baruti havina nafasi kwenye buti la basi, kwa kuwa juu ya buti hilo wamekaa watu.

Ndege haiwezi kusimama kando ya barabara. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS iliruka kutoka Dubai kuelekea Cologne, Ujerumani. Ilikuwa imebeba idadi kubwa ya betri za lithiamu. Dakika ishirini na kidogo baada ya kuruka, kengele ya moto ililia. Marubani waligeuza ndege kurudi Dubai, lakini moshi ulijaa chumba chao hata wakashindwa kuona vipimo mbele yao. Ndege ilianguka na marubani wote wawili wakafa. Wachunguzi walibaini kwamba baadhi ya shehena za betri zilizokuwemo zilistahili kutangazwa kuwa bidhaa hatari, nazo hazikutangazwa hivyo.

Kuandika "nguo" kwenye boksi la pawa benki ni kosa la aina hiyohiyo. Tofauti ni ukubwa wa mzigo tu.

Mfano: boksi moja lenye vitu vitatu

Tuchukue mfano wa muuzaji anayeishi Gerezani. Mteja wake yuko Mwanza na ameagiza vitu vitatu: chupa mbili za marashi ya kupuliza za mililita 50, pawa benki moja iliyoandikwa 20000 mAh, na nusu kilo ya unga wa hina. Muuzaji ameviweka vyote kwenye boksi moja. Boksi linakataliwa, na muuzaji anadhani vitu vyote vitatu ni marufuku. Tukivitenganisha tunaona kila kimoja kina hadithi yake.

Marashi

Marashi ya kupuliza kwa kawaida ni spiriti iliyochanganywa na mafuta ya harufu. Geuza boksi lake; ukiona maneno Alcohol au Alcohol denat. mwanzoni mwa orodha ya viambato, basi sehemu kubwa ya kilichomo ni spiriti. Spiriti safi huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto ikiwa na joto la nyuzi takriban 13 tu. Dar es Salaam mchana ni nyuzi 30 na zaidi. Maana yake ni kwamba chupa ikipasuka ndani ya boksi, mvuke wa kuwaka upo tayari. Kinachosubiriwa ni cheche.

Kiwango hicho cha joto huitwa kwenye karatasi za bidhaa Flash point. Kanuni ya usafiri ni rahisi kukumbuka: kimiminika chenye Flash point ya nyuzi 60 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa cha kuwaka, kundi la 3. Humo wamo marashi ya spiriti, rangi ya kucha, asetoni ya kufutia rangi ya kucha, na vitakasa mikono vya spiriti. Mafuta ya nazi yako mbali sana na kundi hilo, kwa sababu kiwango chake ni zaidi ya nyuzi 200.

Kwa ndege, marashi si marufuku kabisa, lakini lazima yafungwe, yaandikwe na kutangazwa na mtu aliyefunzwa kushughulikia bidhaa hatari. Muuzaji wa nyumbani hana mafunzo hayo, na gharama ya kumlipa mwenye nayo itazidi bei ya chupa mbili. Kwa hiyo njia ya marashi haya ni barabara, kwa kampuni iliyokubali baada ya kuambiwa ukweli.

Hapa kuna mtego mmoja wa Kariakoo. Wapo wanaonunua mafuta ya marashi kwa lita, wakayapima kwenye vichupa vidogo na kubandika jina lao. Mafuta yasiyo na spiriti yanaweza kuwa nje ya kundi la 3, kwa hiyo pengine yangepita. Lakini wakati wa kuyapima, lebo ya kiwandani imebaki kwenye dumu dukani, na kichupa kimekuwa kimiminika kisichojulikana. Ukinunua kwa kupima, piga picha lebo ya dumu pande zote kabla hujaondoka dukani, na mwombe mwenye duka karatasi ya bidhaa hiyo. Tutaeleza karatasi hiyo hivi punde.

Pawa benki

Hili ndilo linalowachanganya watu zaidi. Simu mpya yenye betri ndani inapokelewa, lakini pawa benki inakataliwa. Abiria anaruhusiwa kupanda ndege na pawa benki mkononi, lakini hairuhusiwi kuwekwa kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Inaonekana kama ubaguzi, lakini mantiki ipo.

Betri iliyomo ndani ya simu imelindwa na kifaa chenyewe, na ina namba yake, UN 3481. Pawa benki haihesabiwi kuwa kifaa. Kikanuni ni betri tupu inayosafiri peke yake, UN 3480. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, ICAO ilizuia betri za lithiamu za aina hiyo kusafirishwa peke yake kama mzigo kwenye ndege za abiria. Moto wa betri hizi hujitengenezea joto wenyewe, seli moja ikiwasha nyingine, na gesi ya kuzimia moto iliyomo kwenye sehemu ya mizigo haitoshi kuukomesha. Pawa benki ikiwaka mkononi mwa abiria, wahudumu wanaiona na kuimwagia maji. Ikiwaka chini ya ndege, hakuna anayeiona.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa, Wh. Kama hazikuandikwa kwenye pawa benki, zinapatikana kwa hesabu ya kikokotoo cha simu. Chukua mAh, zidisha kwa volti za seli, ambazo kwa kawaida ni 3.7, kisha gawa kwa 1000:

```
20000 × 3.7 ÷ 1000 = 74 Wh
```

Mpaka unaotumika mara nyingi ni 100 Wh. Pawa benki ya mfano wetu iko chini yake, kwa hiyo abiria anaweza kuibeba mkononi hadi Mwanza bila kuomba ruhusa maalum. Lakini kama kifurushi kwenye ndege ya abiria, bado haipiti. Hesabu hii pia inafichua tatizo la pawa benki za bei rahisi zilizoandikwa 50000 mAh. Ukiamini maandishi hayo, unapata 185 Wh, ambayo inazidi hata kiwango cha 160 Wh ambacho shirika la ndege linaweza kumruhusu abiria kwa kibali. Pengine ndani hakuna hata nusu ya nguvu hiyo, lakini mkaguzi anasoma kilichoandikwa. Namba iliyotiwa chumvi ili kuvutia mnunuzi ndiyo inayomzuia muuzaji.

Pawa benki ya mfano wetu, kwa hiyo, iende kwa basi au gari la kampuni ya vifurushi. Ifungwe kwenye boksi lake la kiwandani, isiguse chuma, na isiwe imechajiwa ikajaa. Betri iliyovimba, iliyotoboka au inayopata moto bila kutumika isitumwe kwa njia yoyote. Hiyo si bidhaa tena.

Kwa wenye sola vijijini, betri kubwa za risasi nazo zina utaratibu wake. Ile ya kuongeza maji ina asidi inayounguza, na ikilala inamwaga. Ile iliyozibwa, ambayo watu huiita betri kavu, ina nafuu zaidi, lakini vichwa vyake viwili lazima vifunikwe kwa plastiki au utepe visiguswe na chuma. Mwambie muuzaji akuandikie ni ya aina gani kabla hujalipa nauli ya mzigo.

Unga wa hina

Hina safi ni majani yaliyosagwa. Haiwaki kwa urahisi wala haiunguzi, na tatizo lake kubwa mezani ni kwamba haijulikani. Hina iliyomo kwenye pakiti ya kiwandani iliyofungwa, yenye jina, uzito na viambato, ina nafasi kubwa kuliko hina hiyohiyo iliyomiminwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa fundo.

Lakini si kila poda ya saluni ni kama hina. Poda ya kublichi nywele huwa na kemikali zinazoitwa persalfeti, ambazo zenyewe haziwaki bali hutoa oksijeni na kuchochea moto wa kitu kingine. Persalfeti ziko kundi la 5.1. Poda ya klorini ya kusafishia maji nayo iko kundi hilo. Kwenye pakiti utaona alama ya almasi yenye mpaka mwekundu na mwali wa moto juu ya duara. Karani anayekataa "poda zote za saluni" anajikinga na hizo, kwa sababu kwa macho haziko mbali na poda nyingine.

Boksi la mfano wetu linafaa kugawanywa mara mbili. Hina iende peke yake, kwa njia yoyote ambayo kampuni itakubali, hata kwa ndege. Marashi na pawa benki viende kwa barabara, kila kimoja kwenye boksi lake na kwa jina lake la kweli. Mteja aambiwe mapema kwamba hivyo viwili vitachelewa siku moja au zaidi kuliko hina. Vikiwa vyote pamoja, kitu kigumu zaidi ndicho kinachoamua safari ya vyote.

Karatasi yenye sehemu 16

Sasa tufike kwenye kitu ambacho wauzaji wengi hawajui kwamba wana haki ya kukiomba. Kila kiwanda cha kemikali, marashi au vipodozi kinachouza kwa uangalifu kina karatasi ya usalama ya bidhaa. Kwenye simu itafute kwa herufi SDS au MSDS, pamoja na jina la bidhaa na jina la kiwanda. Karatasi hiyo ina sehemu 16 zenye mpangilio uleule duniani kote, na huna haja ya kusoma zote.

Nenda kwanza Section 14, iliyoandikwa Transport information. Ukikuta Not regulated au Not dangerous goods, bidhaa hiyo si hatari kwa usafiri. Ukikuta namba ya UN na kundi, unajua unashughulika na nini. Kisha angalia Section 9 uone Flash point ni nyuzi ngapi. Hakikisha pia kwamba jina la juu ya karatasi ni lilelile lililo kwenye chupa yako. Karatasi ya marashi mengine haikusaidii.

Kwa betri kuna hati nyingine, inayoitwa UN 38.3 Test Summary. Inaonyesha kwamba aina hiyo ya betri imepita majaribio ya joto, mtikisiko, mgandamizo na mengineyo. Tangu tarehe 1 Januari 2020, watengenezaji na wasambazaji wanatakiwa kuitoa kwa anayeihitaji. Mwombe aliyeingiza mzigo Kariakoo, si winga wa mtaani. Aliyeagiza kontena kutoka China anaweza kumwandikia muuzaji wake akaletewa faili kwenye simu. Akikuambia haipo kabisa, umepata habari nyingine muhimu kuhusu ubora wa betri hiyo.

Karatasi ina kikomo chake. Haimlazimishi karani kupokea mzigo. Kampuni ina haki ya kuweka masharti makali kuliko kanuni, na nyingi hufanya hivyo. Karatasi inabadilisha mazungumzo tu: inaondoa sababu ya tatu, ile ya kutojulikana, na kumpa msimamizi kitu cha kusimamia.

Uliza kabla ya kuuza

Muda mzuri wa kuuliza ni kabla ya kutangaza bidhaa, wala si baada ya mteja kulipa. Andika meseji moja kwa kampuni au wakala unayemtumia, yenye mambo matano: ni kitu gani hasa, kiasi gani, kimefungwaje, kinakwenda wapi, na kitasafiri kwa njia gani. Kwa mfano:

"Habari. Nataka kutuma Mwanza chupa 2 za marashi ya spiriti, mililita 50 kila moja, zikiwa kwenye boksi la kiwandani. Je, mnapokea? Utasafiri kwa gari mwanzo mpaka mwisho, au unaweza kupanda ndege?"

Jibu la maandishi litunze. Karani wa zamu ya asubuhi na wa jioni wanaweza kutofautiana, na meseji kutoka kampuni yao wenyewe humaliza mabishano haraka. Omba pia orodha ya vitu wasivyopokea. Kampuni nyingi za vifurushi huwa nayo, na mara nyingine imechapishwa kwa herufi ndogo nyuma ya hati ya mzigo.

Kwa Posta, kumbuka kwamba mzigo wa nje ya nchi hufuata pia kanuni za Umoja wa Posta Duniani. Betri za lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kwenye vifurushi vya ndege vya kimataifa. Betri iliyo ndani ya kifaa inaweza kuruhusiwa, lakini kwa sharti kwamba posta ya nchi inayotuma imepewa kibali na mamlaka yake ya anga. Ndiyo maana simu inaweza kuletwa kwa posta kutoka nchi moja na ikakataliwa kutoka nchi nyingine. Uliza dirishani kabla ya kumwahidi ndugu aliyeko Muscat au London.

Vimiminika visivyo hatari: kazi ni kufunga

Kwa asali, samli, mafuta ya alizeti na mafuta ya nazi, mjadala unarudi kwenye kuvuja. Hapa muuzaji ana uwezo mkubwa wa kubadilisha jibu.

Usijaze chupa hadi mdomoni. Acha nafasi ya kidole kimoja. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi kama 24 na huyeyuka likipanda. Dumu lililojazwa mafuta yaliyoganda usiku wa Njombe litakuwa na mafuta mepesi na mengi zaidi likifika Dar es Salaam mchana, na yatatafuta pa kutokea. Asali ambayo haikukomaa nayo huchacha na kutoa gesi, ikasukuma kifuniko.

Kaza kifuniko, zungushia utepe, kisha igeuze chupa kichwa chini juu ya karatasi kavu na uiache usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa na doa, kifuniko hicho hakifai. Ikiwa kavu, weka chupa ndani ya mfuko mzito wa plastiki na uufunge. Zungushia nguo kuukuu au pamba ya kutosha kunywa mafuta yote kama chupa itapasuka. Halafu weka kwenye boksi gumu lisilo na nafasi ya kuchezacheza, na uandike upande wa juu. Mwonyeshe karani ufungaji huo kabla ya kuufunga mara ya mwisho.

Ikikataliwa, au ikiharibika njiani

Ukikataliwa, omba kujua sababu ipi kati ya zile tatu, na kama kuna njia nyingine ndani ya kampuni hiyohiyo. Mara nyingine kampuni inakataa kitu kwenye huduma ya haraka ya ndege lakini inakipokea kwenye huduma ya kawaida ya gari.

Mzigo ukipotea au ukiharibika, kwanza lalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, ukiambatanisha hati ya mzigo, picha za ufungaji na ile meseji uliyotunza. Usiporidhika, malalamiko dhidi ya kampuni ya vifurushi yenye leseni unaweza kuyafikisha TCRA. Lakini ushahidi wako wa kwanza ni jina lililoandikwa kwenye hati. Ukiandika "nguo" na ndani kulikuwa na marashi, umejifungia mlango wa fidia mwenyewe, na chupa hizo zikimwagikia mizigo ya wengine, deni litakutafuta wewe.

Nawe mnunuzi wa kijijini, kabla ya kutuma pesa muulize muuzaji swali moja: "Bidhaa hii itakuja kwa njia gani, na kampuni gani imekubali kuibeba?" Aliyeuliza mapema atakutajia kampuni na siku. Akisita, mwambie aulize kwanza, ndipo utume pesa.